Unene wa Pakiti ya Barafu: Hesabu ya Mgandishaji wa Kasuku

Kindu iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwenye bonde la Lualaba, na maji hayagandi huko bila mashine. Kila kipande cha barafu kinachouzwa katika komuni ya Kasuku mjini humo, kiwe cha kupoza kinywaji au cha kumlaza samaki kwenye sanduku, kimelipiwa umeme kwanza. Mwenye friza anayetegemea jenereta au paneli za jua hulipia saa za kuwasha, ndiyo maana swali lake la kila siku si kama maji yataganda. Anataka kujua kama yataganda kabla mafuta hayajakwisha.

Wengi hulijibu kwa mazoea. Pakiti zinajazwa jioni, zinapangwa moja juu ya nyingine, na asubuhi zinabonyezwa kwa kidole. Zilizo pembeni ni ngumu, za katikati zinachezacheza. Mgandishaji analaumu friza, au voltaji, au maji yenyewe. Mara nyingi kosa liko kwenye unene na mpangilio, na yote mawili yanaweza kuhesabiwa kwa kalamu, karatasi na kipimajoto.

Hesabu hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1831 Wafaransa Lamé na Clapeyron waliandika juu ya ugandaji wa tufe la kimiminika. Miaka karibu 60 baadaye Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, alichukua vipimo vya barafu ya bahari vilivyoletwa na misafara ya ncha za dunia, akaonyesha jinsi unene wa barafu unavyofuata baridi iliyokusanyika siku hadi siku. Mwaka 1913 Rudolf Plank aliigeuza ikawa kanuni ya watu wa viwanda vya baridi, na kanuni hiyo ndiyo inayomfaa mgandishaji wa Kasuku kuliko zote.

Wazo lenyewe linashikika. Bamba la maji likipozwa kutoka upande mmoja, barafu huanza kwenye uso ule ulio baridi, kisha mpaka kati ya barafu na maji unasonga ndani polepole. Pale mpakani halijoto ni digrii 0 daima, iwe barafu ina unene wa nusu sentimita au sentimita 10. Kila gramu ya maji inayogeuka barafu hutoa joto fiche, nalo halina njia ya kutokea ila kupitia barafu iliyokwisha kuundwa. Kwa hiyo barafu yenyewe ndiyo inayochelewesha barafu inayofuata: kadiri inavyonenepa, ndivyo njia ya joto inavyorefuka.

Ugumu wa kihisabati uko kwenye huo mpaka usiotulia. Lakini mpaka huo husonga taratibu sana, taratibu kiasi kwamba joto ndani ya barafu hupata muda wa kujipanga upya kila mara. Ukipiga picha ya halijoto kutoka uso wa nje hadi mpakani, utaona karibu mstari ulionyooka. Njia ya karibu-tulivu inakubali mstari huo kama ulivyo: kwa kila dakika inachukulia kwamba mpaka umesimama, inahesabu joto linalopita, kisha inausogeza mpaka kidogo na kurudia. Ukijumlisha hatua hizo zote unapata kanuni fupi:

```
t = (ρL / ΔT) · ( s/h + s²/(2k) )
```

Hapa t ni muda kwa sekunde, na s ni umbali ambao mpaka unapaswa kusafiri, kwa mita. Pakiti ikipozwa pande zote mbili, s ni nusu ya unene wake. ΔT ni digrii ngapi friza iko chini ya 0. Kwa barafu, ρ ni kilo 917 kwa mita ya ujazo, L ni jouli 334,000 kwa kilo, na k, uwezo wa barafu kupitisha joto, ni kama 2.2. Inabaki h, herufi inayosahaulika kuliko zote. Hiyo ni idadi ya wati zinazotoka kwenye kila mita ya mraba ya pakiti kuingia kwenye hewa au chuma cha friza, kwa kila digrii moja ya tofauti.

Je, mstari ulionyooka unadanganya kwa kiasi gani? Kipimo chake ni uwiano wa joto linalohitajika kuipoza barafu yenyewe na joto fiche. Kwa friza ya −18, ni 2.1 mara 18 gawanya kwa 334, yaani karibu 0.11. Kosa la njia hii ni kama theluthi ya uwiano huo, hivyo muda halisi unazidi ule wa kanuni kwa asilimia 4 hivi. Mtu anayepima unene kwa rula ya shule hana haja ya usahihi zaidi ya huo. Njia inaanza kuharibika pale baridi inapokuwa kali mno, kwa mfano kwa naitrojeni kimiminika ya digrii −196, na huko hakuna mwuza barafu.

Ndani ya mabano kuna sehemu mbili, na kwenye sehemu hizo mbili ndipo fedha inapopotea. Ya pili, yenye s kwa kipeo cha pili, ni safari ya joto ndani ya barafu. Ya kwanza, s gawanya kwa h, ni jinsi joto linavyotoka kwenye uso wa pakiti. Joto linafanana na msafiri atokaye Alunguli kwenda Kasuku: anaweza kutembea haraka hadi ukingoni, lakini kama mtumbwi wa kumvusha Lualaba ni mmoja, muda wake utaamuliwa na foleni ya mtumbwi.

Kwa kazi ya kila siku ni afadhali kuigeuza kanuni iwe ya sentimita na saa, na kuipa ΔT ikizidishwa kwa muda jina moja la digrii-saa. Digrii-saa 1 ni saa moja ya friza kuwa digrii 1 chini ya 0. Saa 5 za −12 ni digrii-saa 60. Namba za barafu zikishawekwa, kinachobaki ni hiki:

```
D = 1.93·s² + 851·s/h
```

D ni digrii-saa zinazohitajika, na s sasa ni kwa sentimita. Mgandishaji anaweza kuuandika mstari huu kwa chaki kwenye mfuniko wa friza.

Tuchukue friza ya kawaida ya sanduku, ambamo pakiti inazungukwa na hewa isiyopulizwa na feni. Katika hali hiyo h ni kama 10. Bamba la maji lenye unene wa sentimita 8, likipozwa pande zote mbili, lina s ya 4. Sehemu ya barafu ni 1.93 mara 16, yaani 31. Sehemu ya hewa ni 851 mara 4 gawanya kwa 10, yaani 340. Jumla ni digrii-saa 371. Friza ikikaa −18 bila kutikisika, hiyo ni karibu saa 21, na katika hizo, safari ya ndani ya barafu imekula chini ya saa 2. Saa nyingine zote 19 zimeliwa na hewa.

Matokeo haya yanapingana na kanuni inayofundishwa darasani, kwamba ukipunguza unene kwa nusu muda unapungua kwa robo tatu. Hiyo ni kweli kwa barafu ya ziwani au kwa kiwanda kinachotumbukiza makopo kwenye maji ya chumvi yaliyo chini ya 0. Ndani ya friza ya nyumbani si kweli. Bamba la sentimita 4 linahitaji digrii-saa 178, ambayo ni kidogo tu chini ya nusu ya 371. Sehemu mbili za kanuni zinalingana pale tu s inapofikia 2k gawanya kwa h, na kwa h ya 10 hiyo ni sentimita 44. Hakuna pakiti ya Kasuku inayofika huko. Kwa hiyo anayetaka kuharakisha barafu katika friza ya hewa ashughulikie kwanza uso wa pakiti: eneo lake, kile unachogusa, na jinsi hewa inavyoufikia.

Hapo ndipo lile rundo la pakiti linapojieleza. Pakiti nne za sentimita 1.8 zikilazwa moja juu ya nyingine si pakiti nne tena. Kwa macho ya joto ni bamba moja la sentimita 7.2, lenye s ya 3.6, linalodai digrii-saa 331. Pakiti hizo hizo zikisimamishwa zikiwa zimeachana kiasi cha kidole, kila moja inadai 78. Mgandishaji hajaongeza mafuta wala mashine. Amebadilisha mpangilio tu, na muda umepungua zaidi ya mara nne.

Bado kuna deni la maji kuwa vuguvugu. Kanuni inaanza kuhesabu maji yakiwa tayari digrii 0, ilhali maji ya Kindu yanaingia kwenye pakiti yakiwa na digrii 28 au karibu na hapo. Kuishusha kilo moja kutoka 28 hadi 0 kunahitaji kilojouli 117, zikiongezwa juu ya 334 za joto fiche. Jumla ni 451. Njia salama ni kuzidisha digrii-saa kwa 1.35. Hesabu hiyo inaegemea upande wa tahadhari, kwa kuwa maji ya moto hutoa joto haraka kuliko maji yaliyo 0, lakini ni heri kukosea upande huo kuliko kumwahidi mteja barafu ikatoka uji.

Sasa siku yenyewe. Tuseme mwenye friza anawasha jenereta saa 8 kwa siku, na kipimajoto kilichoning'inizwa katikati ya friza kinasomwa kila saa. Vipimo vinatoka hivi: −2, −6, −10, −13, −15, −16, −17 na −17. Jumla ni digrii-saa 96. Baada ya kuzima, saa ya kwanza friza iko −8 na ya pili −4, kisha inapanda na kukaa karibu na 0. Zinaongezeka 12, na siku nzima imetoa 108.

Uzuri wa digrii-saa ni kwamba umeme unaokatika hauvurugi hesabu. Mpaka wa barafu haujali kama baridi ilikuja mfululizo au kwa vipande. Unasonga friza ikiwa chini ya 0, unasimama ikifika 0, na friza ikipita juu ya 0 barafu huanza kuyeyuka kutoka nje. Stefan alitumia hoja hiyo hiyo kwa bahari zilizoganda, ila yeye alijumlisha siku nzima nzima badala ya saa.

Kwa 108 mkononi, pakiti ya sentimita 2 iliyoning'inia hewani inahitaji 87, na ukizidisha kwa 1.35 inafika 117. Haitoshi, asubuhi moyo wake utakuwa maji. Pakiti ya sentimita 1.8 inahitaji 78, na baada ya kuzidisha ni 105 au 106. Inapita kwa shida, lakini inapita. Nusu lita ya maji katika unene huo ni pakiti pana ya sentimita 15 kwa 20 hivi. Mfuko ule ule wa plastiki ukiachwa uvimbe katikati hadi sentimita 5 hautaganda siku hiyo, hata ukiwa na maji yale yale nusu lita. Njia nyepesi ya kuulazimisha uwe bapa ni kuulaza kwanza kati ya vibao viwili vilivyoachanishwa kwa vijiti vya sentimita 1.8 huku ukifungwa, kisha kuutia kwenye kiunzi cha waya kinachoushikilia usimame.

Hadi hapa hesabu imechukulia kwamba friza ina nguvu isiyo na mwisho, yaani kwamba itashuka hadi −17 hata ikibebeshwa nini. Haiwezi. Kompresa ina kiasi chake cha wati za joto inazoweza kuzitoa nje, na sehemu ya hizo hupotea kupambana na joto linalopenya kuta. Tuseme zinabaki wati 120 kwa ajili ya maji. Kwa saa 8 hizo ni kilojouli 3,456. Ukigawanya kwa 451 unapata kilo 7.7 za barafu, au pakiti 15 za nusu lita. Hicho ndicho kikomo cha siku, na hakuna unene wala mpangilio utakaokivuka.

Inafaa kuona jinsi hesabu mbili zinavyokutana. Pakiti 15 zenye pande mbili za sentimita 15 kwa 20 zina jumla ya mita za mraba 0.9. Kwa h ya 10 na wastani wa digrii 12 chini ya 0, zinatoa wati 108. Kompresa inaweza 120. Pakiti na mashine zimelingana, na hilo ndilo lengo. Mwenye tamaa akitia pakiti 40, uso wake unafika mita za mraba 2.4, na wati 120 zinatosha kuweka tofauti ya digrii 5 tu. Friza itakwama kwenye −5 saa baada ya saa, kompresa ikinguruma bila kupumzika, na jioni atakuwa na pakiti 40 zenye ganda la barafu na maji ndani, badala ya 15 zilizoganda kabisa. Kipimajoto kilichokwama namna hiyo kinaeleza kwamba mzigo ni mkubwa. Kikishuka vizuri hadi −17 huku pakiti bado ni laini, tatizo ni unene au mpangilio.

Ili kujua friza yake ina wati ngapi za kweli, mgandishaji hahitaji fundi. Atie kilo 5 za maji yenye halijoto inayojulikana katika pakiti nyembamba zilizoachanishwa, na aandike zimechukua muda gani hadi ya mwisho kuganda. Zikichukua saa 5, ni kilo 5 mara 451, gawanya kwa sekunde 18,000, nayo ni kilojouli 0.125 kwa sekunde, yaani wati 125. Friza nyingine huonyesha kwenye kibandiko chake uwezo wa kugandisha kwa kilo kwa saa 24. Namba hiyo inapatikana kiwandani kwa umeme usiokatika na friza iliyokwisha kupoa, hivyo ichukuliwe kama dari, na ya nyumbani itakuwa chini yake.

Nayo h inapimika, na inastahili kupimwa kwa sababu ndiyo namba inayotofautiana zaidi kati ya friza moja na nyingine. Chukua sufuria bapa ya alumini, weka maji yaliyopozwa kwa vipande vya barafu hadi yafike 0, toa vipande, kisha ilaze sufuria kwenye sakafu ya chuma ya friza yenye mabomba ya baridi. Funika juu kwa kipande kinene cha povu ili hewa isigandishe kutoka upande huo. Baada ya saa 3, friza ikiwa −15, mwaga maji yaliyobaki na upime kwa rula barafu iliyoshika chini. Tuseme ni sentimita 1.2. Digrii-saa zilizotumika ni 45. Sehemu ya barafu ni 1.93 mara 1.44, karibu 2.8, zinabaki 42.2 kwa ajili ya mguso. Basi h ni 851 mara 1.2 gawanya kwa 42.2, yaani 24. Sufuria hiyo inagusa vibaya: pengine chini yake imebonyea, au kuna theluji katikati.

Sufuria iliyonyooka ikilala juu ya chuma kisafi chenye filamu nyembamba ya maji inaweza kufikia h ya 60 na zaidi. Hapo mchezo unabadilika. Maji ya kina cha sentimita 4, yakigandishwa kutoka chini tu, yanahitaji 31 kwa barafu na 57 kwa mguso, jumla 88. Hiyo ni sawasawa na pakiti ya sentimita 2 iliyoning'inia hewani, ingawa unene ni maradufu na upande unaopoa ni mmoja. Anayehitaji barafu nene, kwa mfano mwenye samaki wanaopanda mashua ya kuelekea Ubundu, afanye kazi kwenye chuma, asitegemee hewa.

Lakini theluji inayojijenga kwenye kuta za friza ni adui wa mguso huo. Si barafu ngumu. Imejaa hewa, na hupitisha joto kwa kiwango cha 0.15 hivi dhidi ya 2.2 ya barafu. Sentimita 1 ya theluji kati ya chuma na sufuria inaishusha h kutoka 60 hadi 12, na zile digrii-saa 88 zinageuka 315. Kindu ni mji wa unyevu mwingi, na kila mfuniko unapofunguliwa hewa nzito huingia na kuacha theluji yake. Hesabu inasema wazi kwamba saa moja ya kuikwangua kwa mwiko wa mbao, friza ikiwa imezimwa, hurudisha zaidi ya siku nzima ya jenereta. Kisu hakifai kabisa; tundu moja kwenye bomba la gesi humaliza friza.

Kisa cha theluji kinaangazia jambo lililomtoa mwanafunzi wa Kitanzania hadi kwenye majarida ya sayansi. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba alitia mchanganyiko wa maziwa na sukari wa kutengeneza aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mabishano hayajaisha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Burridge na Linden haukupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo kwa maji.

Kanuni ya Plank haina nafasi ya maji ya moto kutangulia: ikiongezewa deni la maji vuguvugu, inadai digrii-saa nyingi zaidi kwa kila digrii ya ziada. Ila herufi h iko pale pale. Chombo cha moto kikiwekwa juu ya theluji huiyeyusha, kinazama hadi kwenye chuma, na h yake inapanda mara kadhaa, wakati chombo cha baridi kinaendelea kukalia godoro la theluji. Katika friza chafu, hilo peke yake linaweza kugeuza mshindi. Mgandishaji asichukue hilo kama ruhusa ya kuchemsha maji. Akwangue theluji, na atapata faida yote bila kulipia lile joto la ziada.

Kuna mgongano mmoja ambao hesabu haiwezi kuuondoa. Barafu inayoganda haraka kwa sababu ni nyembamba huyeyuka haraka kwa sababu ile ile, maana uso wake ni mpana na safari ya joto ni fupi. Kwa mwuza maji ya baridi hilo si tatizo, na mteja anafurahi. Kwa mwenye samaki ni hasara. Suluhisho ni kugandisha kwa wembamba na kusafirisha kwa unene: pakiti bapa zikishaganda kabisa zipangwe zikibanana ndani ya sanduku lenye kuta za povu, uso kwa uso bila nafasi. Lile rundo lililokuwa kosa ndani ya friza sasa ni sahihi, kwa kuwa pakiti kumi zilizobanana hupokea joto la nje kama bamba moja.

Tahadhari ya mwisho ni ya umbo. Kanuni iliyotumika hapa ni ya bamba, si ya chupa. Plank alionyesha kwamba mcheduara mrefu huganda kwa nusu ya muda wa bamba lenye unene sawa na kipenyo chake, kwa sababu unapoa kutoka kila upande. Chupa ya lita 1.5 yenye kipenyo cha sentimita 9 ingedai 422 kama ingekuwa bamba. Kwa kuwa ni chupa, inadai 211, na pamoja na deni la maji vuguvugu 285. Kwa friza inayotoa 108 kwa siku, hiyo ni karibu siku 3, na hapo inachukuliwa kwamba friza haipandi juu ya 0 usiku. Chupa hiyo isijazwe hadi shingoni. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na kwa kuwa barafu huanza ukutani na kufunga mdomo mapema, maji ya katikati hubaki hayana pa kwenda, nayo hupasua plastiki kutoka ndani. Kuacha vidole vinne vya nafasi na kifuniko kikiwa kimelegea hadi igande kabisa kunatosha.